Lango linagusa ardhi kwenye fremu ya 402: Timeline, Sequencer au AnimationPlayer?

Vitufe vilivyo kwenye dirisha la injini ya gemu haviwezi kukuambia ni injini ipi itakayokutesa ukifika kwenye katsini, ile filamu fupi inayochezwa katikati ya gemu. Karibu zote zina mstari wa muda, alama za kuwekea thamani kwenye fremu, na kitufe cha kucheza. Tofauti unaiona ukilijenga onyesho moja fupi katika kila injini. Mimi nilifanya hivyo na Timeline ya Unity, Sequencer ya Unreal na AnimationPlayer ya Godot. Onyesho lilikuwa lilelile, wahusika walewale na mafaili yaleyale ya sauti. Kilichonishangaza ni kwamba sehemu zilizonichelewesha hazikufanana hata kidogo.

Onyesho lenyewe lina sekunde 18. Nimelipanga kwa fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo ni fremu 540. Shoti ya kwanza ni pana, sekunde 0 hadi 5: msafiri, ambaye ndiye anayeongozwa na mchezaji, analisogelea lango, na mlinzi amesimama mbele yake. Shoti ya pili inaanza sekunde ya 5 hadi 9.5, kamera ikiwa nyuma ya bega la msafiri, mlinzi akisema. Ya tatu, 9.5 hadi 13, ni uso wa msafiri akijibu. Ya nne, 13 hadi 18, kamera iko chini karibu na ardhi na lango linaanguka. Linagusa ardhi kwenye sekunde ya 13.4, yaani fremu ya 402. Jibu la msafiri linaanza kusikika sekunde ya 9.2, kabla kamera haijamgeukia. Wahariri wa filamu hupenda sauti itangulie picha kidogo namna hiyo, maana mtazamaji anakuwa ameshaanza kumtafuta msemaji mkato unapofika.

Onyesho hili linaiuliza injini maswali matatu. Nani anaamua kamera ipi iko hewani? Mhusika ni wa nani kabla ya katsini, wakati wa katsini, na baada yake? Na mstari wa muda unafuata saa ya nani: ya picha au ya sauti?

Mkato wa kamera

Nianze na kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza, nami sikuachwa nyuma. Unachukua kamera moja, unaiwekea alama ya mahali kwenye fremu ya 149, halafu alama nyingine mbali kabisa kwenye fremu ya 150. Kwenye kihariri inaonekana kama mkato. Lakini gemu likichezwa kwa fremu 60 kwa sekunde, kuna picha inayochorwa katikati ya fremu 149 na 150 za mstari wako. Alama zako zikiwa zimeunganishwa na mstari laini, picha hiyo inachorwa kamera ikiwa nusu ya safari, labda ndani ya ukuta. Mtazamaji anaona kitu kimemeta na hajui ni nini.

Hata ukizifanya alama ziruke bila kupita katikati, bado hujapona. Ukungu wa mwendo hupimwa kwa kulinganisha picha hii na iliyotangulia. Injini inaamini kamera imekimbia mita sita ndani ya fremu moja, basi inaipaka picha nzima ukungu. Njia za kulainisha kingo zinazotumia picha zilizopita nazo huacha kivuli cha shoti ya zamani juu ya shoti mpya kwa fremu chache. Ukipunguza kasi ya video na kuona uso wa mlinzi umebaki kama mzimu juu ya uso wa msafiri, ujue umekata kwa kuhamisha kamera. Kila shoti ipewe kamera yake, na injini iambiwe wazi kwamba hapa tumekata.

Kwenye Unreal jambo hili ndilo limekaa vizuri kuliko kwingine kote. Level Sequence, faili la onyesho ndani ya Sequencer, ina treki moja tu ya Camera Cuts, na kila kipande ndani yake kinataja kamera moja. Kwa kawaida hakuna fremu yenye kamera mbili, na mpaka wa vipande viwili unapofika, mchoraji wa picha anaarifiwa kwamba ni mkato, anatupa kumbukumbu za picha zilizopita, na ule mzimu hautokei. Niliweka Cine Camera Actor nne, kila moja na lenzi yake, nikaburuta mipaka hadi fremu 150, 285 na 390, basi. Nilipotaka kurefusha shoti ya mlinzi kwa fremu nane nilivuta mpaka mmoja, na jirani yake akafupika mwenyewe.

Unity inafika palepale kwa njia nyingine. Timeline peke yake haina treki ya mikato. Unaleta kifurushi cha Cinemachine, unaweka Cinemachine Brain kwenye kamera halisi, halafu unatengeneza kamera za kubuni, moja kwa kila shoti. Kwenye Cinemachine Track, klipu mbili zikigusana ni mkato. Zikipandana, kamera inateleza kutoka moja kwenda nyingine kwa muda wa mpandano huo. Ni wazo zuri sana na linakunasa kirahisi. Mkono ukiteleza klipu zikapandana kwa fremu mbili, umepata mteleko wa fremu mbili unaoonekana kama mtikisiko. Ukiacha pengo la fremu moja, kamera ya mchezo wa kawaida inarudi hewani kwa fremu hiyo. Ukiona mmeto kwenye mkato, vuta mstari wa muda kwa karibu kabisa kabla hujalaumu kitu kingine.

Mtego wa pili wa Unity uko mwishoni. Kamera ya shoti ya nne ikiwa na kipaumbele kuliko ya mchezaji, siku zote unapoizima baada ya klipu kuisha Brain inarudi kwenye kamera ya mchezaji kwa mteleko wake wa kawaida, Default Blend, ambao usipoubadilisha ni wa sekunde 2. Katika onyesho langu kamera ilinyanyuka kutoka ardhini, ikapita katikati ya lango lililoanguka, ikaenda kutua mgongoni kwa msafiri. Dawa ni kumpa Brain orodha ya Custom Blends inayosema kwamba kutoka shoti ya nne kwenda kamera ya mchezaji ni Cut. Au weka kamera ya mchezaji yenyewe kama klipu ya tano fupi, ili mwisho wa katsini uamuliwe na wewe.

Godot haina treki ya mikato. AnimationPlayer yake inaweza kubadilisha sifa yoyote ya kitu chochote, kwa hiyo wengi huweka alama kwenye sifa ya `current` ya kila Camera3D. Inafanya kazi ukicheza kutoka mwanzo. Ukirukia katikati, kila treki inaweka thamani ya alama yake ya mwisho, na kamera tatu zinaweza zote kusema "ni mimi" kwa mpigo. Nilipochoka nilitengeneza kitu kimoja chenye namba ya shoti, na hiyo namba ndiyo niliyoiwekea alama:

```gdscript
@tool
extends Node3D
@export var kamera: Array[Camera3D]
@export var shoti := 0:
    set(v):
        shoti = v
        if v < kamera.size() and kamera[v]:
            kamera[v].make_current()
```

Sasa kuna treki moja tu, alama nne, zote zikiwa kwenye hali ya Discrete. Hiyo ni Camera Cuts ya mkono. Kumbuka kuiweka kamera ya mchezaji kwenye orodha hiyo pia, kwa sababu Godot hairudishi kamera yenyewe. Onyesho likiisha bila alama ya tano, mchezaji ataendelea kucheza akitazama kutoka ardhini.

Mhusika ni wa nani

Hapa ndipo katsini nyingi huharibikia, na mara nyingi huharibika kwenye mishono: fremu ya kwanza na fremu ya mwisho.

Msafiri wangu anafika langoni akiendeshwa na mchezaji. Anaweza kufika kutoka kushoto, kutoka kulia, au anakimbia. Animesheni ya kutembea sekunde 5 za mwanzo ilirekodiwa ikianzia nukta moja maalumu. Kwa hiyo unachagua: ama umrukishe hadi nukta hiyo wakati skrini iko nyeusi, ama umfiche nyuma ya mkato wa kwanza. Mimi huchagua mkato, maana skrini nyeusi inachosha ikitumika kila mara. Shoti ya kwanza ni pana na inaanzia nyuma ya mlinzi, na hakuna atakayekumbuka kama msafiri alikuwa mita moja upande wa kushoto.

Unity inaitenga hadithi na waigizaji. Faili la Timeline lina treki tu. Nani anaigiza treki ipi huandikwa kwenye PlayableDirector ndani ya sini. Hilo linakuruhusu kutumia onyesho moja kwa wahusika tofauti, lakini mhusika anayezalishwa gemu likiwa tayari linachezwa hana nafasi iliyojazwa. Treki yake inakaa kimya, bila kosa lolote kuandikwa, na unaona kamera zikikata juu ya mahali patupu. Inabidi umwunganishe kwa msimbo kabla ya kucheza:

```csharp
foreach (var o in director.playableAsset.outputs)
    if (o.streamName == "Msafiri")
        director.SetGenericBinding(o.sourceObject, animator);
director.Play();
```

Jina "Msafiri" hapo ni jina la treki, na mtu akilibadilisha kwenye kihariri umerudi kwenye mahali patupu.

Ndani ya Animation Track ya Unity, kitu cha kwanza kukiangalia ni mahali klipu inapoanzia. Ukipanga "anatembea" halafu "anasimama", klipu ya pili inaweza kumrudisha msafiri pale ya kwanza ilipoanzia, kwa sababu kila klipu inajihesabia mwanzo wake. Bonyeza klipu ya pili kwa kitufe cha kulia uchague Match Offsets To Previous Clip, naye ataendelea kutoka alipofika. Na mwisho wa onyesho ukimwona amerudi ghafla mahali alipokuwa kabla ya katsini, ni mshono huohuo upande wa pili: Timeline imemwachia na hakuna aliyeandika mahali alipo sasa. Mimi huhifadhi nafasi na mwelekeo wake kwenye fremu ya mwisho, kisha namwekea tena baada ya `Stop()`.

Unreal inauliza swali la umiliki waziwazi kuliko zote. Mhusika aliye tayari kwenye leveli ni Possessable, yaani onyesho linamwazima. Mhusika ambaye onyesho linamzalisha na kumwondoa lenyewe ni Spawnable. Mlinzi wangu nilimfanya Spawnable, kwa kuwa hana kazi nje ya sekunde hizo 18, na kwa njia hiyo hakuna anayeweza kumfuta kwenye leveli kwa bahati mbaya. Msafiri ni Possessable. Kisha kila kipande kina mpangilio wa When Finished: Keep State inaacha kitu kilivyo, Restore State inakirudisha kilivyokuwa. Lango linatakiwa kubaki chini, kwa hiyo ni Keep State. Taa niliyoififisha kwenye shoti ya tatu ni Restore State. Nilipolisahau la lango lilisimama tena lenyewe baada ya katsini, jambo lililowachekesha waliokuwa wakinijaribia gemu.

Kuna mtego mmoja wa Unreal ambao hautangazi jina lake. Mhusika mwenye Animation Blueprint, ile grafu inayoamua acheze animesheni ipi, huchezewa klipu za Sequencer kupitia sloti, kwa kawaida DefaultSlot. Kama Animation Blueprint hiyo haina nodi ya sloti hiyo, klipu ipo kwenye treki, muda unakwenda, lakini mhusika anaendelea kusimama na kupumua kama vile hakuambiwa kitu. Watu hutafuta kosa kwenye Sequencer kutwa nzima wakati liko kwenye Animation Blueprint.

Godot hapa ndiyo dhaifu, na sioni sababu ya kulizungushia maneno. Animation Playback Track inaweza kuamuru AnimationPlayer ya mhusika icheze klipu fulani, lakini hakuna pa kuvuta klipu mbili zipandane ili moja iyeyukie nyingine. Pia mhusika mwenye AnimationTree inayofanya kazi, ambayo ndiyo huchanganya animesheni zake wakati wa mchezo, ataipigania mifupa yake na onyesho lako; dalili ni viungo vinavyotetemeka au klipu isiyoonekana kabisa. Zima `active` ya AnimationTree mwanzoni na uiwashe mwishoni. Kwa onyesho refu kidogo, ushauri wangu ni kuandaa uigizaji wote wa mhusika huko Blender kama animesheni moja ya sekunde 18, halafu Godot iichezeshe tu. Unapoteza uhuru wa kusogeza klipu ndani ya injini, lakini unapata mwendo usiokatika.

Saa ya nani

Upande wa kuweka sauti kwenye mstari hauna maneno mengi. Zote tatu zina treki ya sauti, zote zinaonyesha umbo la wimbi, na zote zinakubali kuanza katikati ya faili. Kuhusu jibu la msafiri linalotangulia picha, kwenye zote tatu nilivuta klipu ya sauti hadi 9.2 na kuuacha mkato 9.5.

Tatizo linakuja gemu linapokwama. Na gemu hukwama hasa kwenye mkato: kamera mpya inageukia upande ambao picha zake za juu hazijapakiwa, au kuna sheda ambayo haijawahi kutumika na sasa inaandaliwa. Picha inasimama nusu sekunde. Sauti haisimami, kwa sababu inachanganywa kwenye uzi wake mwingine. Gemu likizinduka, mstari wa muda unapaswa kuruka mbele nusu sekunde nzima ili kuifikia sauti, lakini injini hazikubali fremu moja iwe ndefu kiasi hicho. Unity, usipobadilisha kitu, inaikata kwenye sekunde 0.333. Unreal ina Max Undilated Frame Time ya 0.4. Godot inagawa hatua 8 za fizikia kwa hatua 60 za kila sekunde, inapata kama 0.133. Kwa hiyo mkwamo wa sekunde 0.5 unaiacha picha nyuma ya sauti kwa takriban milisekunde 167 kwenye Unity, 100 kwenye Unreal, na 367 kwenye Godot.

Je, nani ataligundua? Pendekezo la ITU-R BT.1359, la shirika la kimataifa la mawasiliano, linaweka mipaka ambayo watazamaji huanza kuhisi tofauti: sauti ikitangulia kwa kama milisekunde 45, au ikichelewa kwa kama 125. Sisi tuko upande mbaya, kwa kuwa sauti ndiyo imetangulia. Zote tatu zimeshapita mpaka.

Ila si kila sauti inaathirika sawa. Kishindo cha lango ni klipu fupi inayoanza 13.4. Mkwamo ukitokea sekunde ya 10, kishindo bado kitaanza mstari wa muda utakapofika 13.4, na kitagusana na picha vizuri tu. Kinachopotea ni klipu iliyokuwa tayari inasikika wakati wa mkwamo: jibu la msafiri, na midomo yake inabaki nyuma hadi sentensi iishe. Kwa hiyo uamuzi mdogo wa jinsi unavyokata mafaili yako ya sauti una uzito mkubwa. Ukichanganya maneno, hatua na kishindo kuwa faili moja la sekunde 18, mkwamo mmoja unaharibu kila kitu kilichobaki. Ukiziacha klipu fupifupi, kila moja inajisahihisha inapoanza.

Dawa nyingine ni kuufanya mstari wa muda uifuate sauti. Unity: kwenye PlayableDirector, badilisha Update Method kutoka Game Time kwenda DSP Clock, yaani saa ya sauti. Ni kubofya mara moja, na kwa maoni yangu ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote kwenye orodha hii kwa onyesho lenye maneno. Gharama yake ni kwamba saa hiyo haijali `Time.timeScale`, kwa hiyo menyu yako ya kusimamisha gemu lazima imwite director `Pause()` yenyewe. Unreal: kwenye mipangilio ya Sequencer kuna Clock Source, ibadilishe kutoka Tick kwenda Audio.

Godot haina kitufe hicho, lakini ina vipande vyote vya kukijenga. Unaweka faili moja refu, kwa mfano upepo au muziki, linalozidi kidogo sekunde 18, na hilo ndilo linakuwa saa. AnimationPlayer inawekwa kwenye hali ya Manual na unaisukuma kwa mkono:

```gdscript
var muda := 0.0

func _process(_d):
    if not upepo.playing: return
    var t = upepo.get_playback_position()
    t += AudioServer.get_time_since_last_mix()
    t -= AudioServer.get_output_latency()
    if t > muda:
        tukio.advance(t - muda)
        muda = t
```

Sharti la `t > muda` si la mapambo: nafasi ya sauti husomeka kwa vipande na wakati mwingine inarudi nyuma kidogo, na bila sharti hilo wahusika hutetemeka. Nimetumia `advance` badala ya `seek` kwa makusudi. `seek` inaruka matukio yaliyo katikati, kwa hiyo alama iliyoita msimbo wa vumbi la lango ingeweza kupotea kimya.

Hilohilo ndilo jibu la kitufe cha kuruka katsini. Mchezaji akiruka sekunde ya 7, lango bado lazima liwe chini na mlinzi awe ameondoka. Godot: `seek` hadi mwisho haitoi ishara ya `animation_finished`, `advance` inatoa, ila nyamazisha vipaza sauti vyako kabla, usije ukasikia maneno yote kwa mpigo. Unreal ina `GoToEndAndStop`. Unity: weka `director.time` karibu na `director.duration`, ita `Evaluate()`, kisha `Stop()`. Ishara za Signal Emitter usizitegemee kwa mambo yanayobadilisha hali ya gemu. Hali ya mwisho mimi huiandika kwenye kitendakazi kimoja kinachoitwa katsini ikiisha, iwe imetazamwa au imerukwa.

Basi uchukue ipi

Kama katsini ni nyingi, zina mikato mingi, na kuna zaidi ya mtu mmoja anayezigusa, ni Unreal. Si kwa sababu ya uzuri wa picha. Ni kwa sababu ya treki moja ya mikato, umiliki unaotajwa waziwazi, na uwezo wa kugawa onyesho kuwa shoti ambazo kila moja ina faili lake. Mafaili yenyewe ni ya `.uasset`, hayasomeki kama maandishi, kwa hiyo watu wawili hawawezi kuhariri shoti moja kwa wakati mmoja na kuunganisha baadaye. Gawaneni shoti, mfunge faili kabla ya kuligusa.

Unity naipendekeza pale katsini na mchezo vinapochanganyika: kamera inayomfuata mchezaji anayetembea wakati mlinzi anaongea, au onyesho moja linalochezwa na wahusika kumi tofauti. Cinemachine inajua kumfuata mtu anayesogea bila alama hata moja, na hapo kweli inawaacha wenzake. Uwe tayari tu kuandika msimbo wa kuwaunganisha wahusika, na uukague kila mara treki inapobadilishwa jina.

Godot naichukua kwa katsini fupi na chache, hasa za 2D ambako mambo ya ukungu na mizimu ya shoti hayakuhusu sana. Sini zake ni maandishi, mabadiliko yanasomeka, na AnimationPlayer inaweza kugusa chochote ulicho nacho, hata maandishi ya mazungumzo. Kwa dakika ishirini za maigizo ya 3D yenye midomo inayosema, nisingeianza bila kutenga muda wa kujijengea zana.

Ukishajenga onyesho lako, usilipime kwenye kompyuta yako nzuri ambayo haikwami. Likwamishe mwenyewe. Chagua nukta ambayo mtu yuko katikati ya sentensi. Kwangu ni sekunde ya 10. Weka hapo `OS.delay_msec(500)` kwenye Godot, `System.Threading.Thread.Sleep(500)` kwenye Unity, au `FPlatformProcess::Sleep(0.5f)` kwenye Unreal. Tazama midomo ya msafiri hadi mwisho wa jibu lake, kisha sikiliza lango. Midomo ikibaki nyuma lakini lango likagusana na kishindo chake, klipu zako ni fupi vya kutosha na kilichobaki ni saa tu. Na lango likikosana na kishindo pia, fungua treki ya sauti: karibu hakika kuna faili moja refu mahali ambapo ulidhani kuna matatu.